Dogo kaamka usiku macho yanawaka baada ya kunishikia geti nikichomelea. Nimpe nini, na kwa nini mimi sijapata?

FundiGeti_Tabata
Wakuu habari za asubuhi. Jana tulikuwa na geti la milango miwili, mimi nachomelea dogo anashikilia fremu isicheze, tumeanza mchana mpaka magharibi. Dogo ana miaka 19, hana ngao, huwa namwambia geuza uso nikigusa na anageuza kweli. Jioni kaondoka mzima, kala, kalala. Saa saba usiku mama yake ananipigia, kijana analia, macho hayafunguki, machozi yanamwagika tu, anasema kama kuna mchanga umejaa ndani. Nimeenda kumuona, macho yote mawili mekundu na kope zimevimba. Walishampaka maziwa. Asubuhi wakanunua matone duka la dawa, akidondosha tu maumivu yanakata palepale, baada ya muda kidogo yanarudi anadondosha tena. Sasa naomba kujua hayo matone aendelee nayo? Na lingine linalonitatiza, mimi ndo nilikuwa karibu na moto kuliko yeye, mbona nimeamka sina kitu?

MzeeWaRodi
Hahahaa mwambie karibu kazini, hakuna fundi hajapitia hiyo. Kata kiazi mbichi vipande vyembamba amfunike machoni, kesho kutwa yuko freshi. Matone kama yanamsaidia aendelee, dawa ikikubali unaibadilisha ya nini. Halafu mtafutie miwani nyeusi, hata ile ya jua ya mtaani, cha msingi iwe nyeusi tii. Na akae mbali na joto, joto la ule moto ndo linaloivisha macho.

Nesi_wa_Macho
Fundi, hayo matone yaitwaje? Soma kwenye chupa uniandikie hapa.

FundiGeti_Tabata
Tetrakeini dada. Kachupa kadogo.

Nesi_wa_Macho
Basi mnyang'anye sasa hivi, usisubiri jioni. Hayo ni matone ya ganzi. Sisi tunayatumia kliniki, tone moja mgonjwa afungue jicho tumchunguze, halafu hatumpi aende nayo nyumbani hata alie vipi. Ganzi haiponyeshi kitu, inazima tu maumivu, na mbaya zaidi inazuia ngozi ile nyembamba ya juu ya kioo cha jicho isiote tena. Mtu anadondosha kutwa nzima kwa siku kadhaa, kidonda kinachimba kwenda chini, tunakuja kupokea jicho lenye doa jeupe ambalo lingepona lenyewe kama lingeachwa. Na kwa sababu hasikii maumivu anajikuna, anasugua, hajui kama anajiumiza.

Kilichompata dogo ni kuungua kwa uso wa jicho kwa mionzi ya urujuanimno, ile wengi mnaita yuvii, inatoka kwenye moto wa kuchomelea. Seli za juu haziunguzwi zikaonekana muda uleule, zinakufa taratibu, baada ya masaa sita mpaka kumi na mbili hivi zinabanduka na mishipa ya fahamu iliyo chini inabaki wazi, ndo maana jioni anakula vizuri usiku anapiga kelele. Habari njema seli hizo zinaota haraka, wengi kufikia siku mbili wako sawa.

Afanye hivi. Chumba chenye giza, kitambaa safi cha maji baridi juu ya macho yaliyofungwa, asisugue, vidonge vya maumivu vya kawaida kama ibuprofeni kama hana vidonda vya tumbo, na kliniki watampa mafuta ya antibayotiki ya kupaka ndani ya kope, hayo yanalainisha na yanazuia vijidudu mpaka ngozi ifunge. Maziwa na viazi mbichi hapana. Uso wa jicho sasa hivi ni kidonda, huwezi kuweka kitu cha sokoni juu ya kidonda.

Naomba unijibu hili, jana kulikuwa na grainda?

FundiGeti_Tabata
Grainda ilikuwepo, yeye mwenyewe alisaga maungio kama nusu saa. Miwani hakuvaa.

Nesi_wa_Macho
Basi kliniki ni lazima leo, hata kama maumivu yanapungua. Mwanga wa kuchomelea kwa kawaida unaunguza macho yote mawili kwa pamoja. Jicho moja likiuma kuliko lenzake, au likibaki linauma siku ya pili wakati lingine limetulia, mimi nawaza chembe ya chuma imenasa. Chembe hiyo ikilala mle inaweka kutu na kutu nayo inakula. Watamwekea rangi ya manjano, watamulika na taa ya buluu, kila sehemu iliyochubuka inaonekana kijani. Ni dakika tano tu. Na duka la dawa wakikupa matone mengine yaliyoandikwa deksamethasoni usikubali kabla hajaonwa, hayo kama kuna vijidudu yanavipalilia.

BintiPangani
Kwa hiyo dada ukipaka maziwa ya mama anayenyonyesha? Bibi yangu alitupaka wote tukiwa na macho mekundu na tunaona mpaka leo

Nesi_wa_Macho
Mnaona kwa sababu macho mengi mekundu ya watoto yanapona yenyewe mpenzi. Hata hayo naomba usiyaweke.

Mkaguzi_Mstaafu
Nimesoma uzi wote. Nimefanya kazi karakana za meli na baadaye usalama kazini kwa muda mrefu, niongezee kwenye swali la pili la fundi maana naona limepitwa.

Umeuliza kwa nini dogo na si wewe. Wewe ulikuwa nyuma ya kioo. Yeye alikuwa nusu mita kutoka kwenye moto akiwa hana kitu, na alikuwa anageuza uso, lakini hebu fikiria kinachotokea pale. Unagusa rodi inakataa, unagusa tena, inawaka. Yeye anasikia mlio ndo anageuza, tayari sekunde imeshapita. Halafu anahitaji kuangalia fremu isihame, anachungulia kidogo. Kwa geti zima una maungio mangapi? Kila uungio unagusa mara mbili tatu. Jicho linajumlisha yote ya siku nzima, halikusamehi kwa sababu ulipumzika katikati. Kwa umbali huo ukiwa uso wazi zinahitajika sekunde chache tu kwa jumla kuvuka kiwango salama cha siku. Na hata akigeuka kabisa mwanga unarudi kutoka kwenye ukuta mweupe, mabati mapya, alumini. Wale wanaochomelea alumini kwa gesi ya agoni wanaungua haraka zaidi, naona vijana wameanza kuzichukua hizo kazi.

Sasa MzeeWaRodi, shikamoo mzee wangu, kuna sehemu uko sawa na kuna sehemu tunatofautiana. Joto siyo linalochoma hapa. Mionzi hii huisikii kama joto na huioni, unaweza kuwa umekaa kwenye upepo mzuri unapunga na bado inakula. Na weusi wa kioo ni kitu kimoja, kuzuia mionzi ni kitu kingine. Chukua miwani ya kazi myeupe kabisa, ile unaona kama hamna kitu, ikiwa ni ya plastiki ngumu ya polikaboneti inazuia karibu mionzi yote hiyo inayounguza. Lakini haizuii ukali wa mwanga, kwa hiyo huwezi kuangalia moto nayo. Miwani yako nyeusi tii ya jua inaweza kuzuia mionzi kwa mbele, sikatai, ila pembeni iko wazi na mwanga unapenya kwenye kope, na ule weusi wake haufiki hata nusu ya kinachotakiwa kuangalia moto. Miwani ya jua iko namba 2 au 3 kwa kipimo cha vioo vya kuchomelea. Fundi hapo anatumia namba ngapi?

FundiGeti_Tabata
Kioo changu kimeandikwa 11. Rodi natumia za 2.5, mashine naweka 80 mpaka 90.

Mkaguzi_Mstaafu
Kwa ampea hizo namba 10 inakutosha, na 11 siyo kosa ila ukiona unainua ngao kila saa kutafuta mstari basi ni nyeusi mno kwako, na ukiinua inua ndo unapigwa. Ampea zikipanda 160 na kuendelea hapo 11 mpaka 12 ndo mahali pake. Gesi ya kukata na kuunganisha ni namba ndogo, 4 mpaka 6, na hicho cha gesi usije ukakitumia kwenye umeme.

Otis_Kariobangi
Niaje wasee. Mimi niko Nairobi, hapa jua kali tunatumia helmeti za kujitia giza zenyewe, zile za betri na sola. Lakini kuna msee alisema hizo ni hatari juu kabla iweke giza mwanga ushaingia machoni. Ni ukweli?

MzeeWaRodi
Ukweli mtupu. Mimi siwezi kuvaa hizo takataka za Mchina, betri ikiisha katikati umekwisha. Kioo cha kawaida hakina betri ya kuisha.

Mkaguzi_Mstaafu
Nusu nusu mzee. Kwenye helmeti nzuri kichujio cha mionzi kipo muda wote, hata betri ikiwa imekufa na kioo kinaonekana cheupe. Kinachochelewa ni giza tu, na kinachelewa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kwa hiyo ikichelewa utapata kung'aa kwa mwanga kunakokera, macho yatachoka, ila uso wa jicho hauungui kwa sababu hiyo. Hapo unaona tena giza na kinga ni vitu viwili.

Ninapokubaliana na wewe ni zile za bei ya chini zisizo na alama yoyote ya kiwango, hizo hata mimi siziamini, maana kichujio ndo sehemu ya gharama. Angalia kama kioo kimechapwa namba na jina la mtengenezaji. Kabla ya kazi ielekeze juani uone inageuka. Na ujue vihisio vya mbele vikifunikwa na bomba au mkono wako, kwa mfano umejibanza chini ya tela, helmeti haioni moto na inabaki nyeupe.

Kijana_wa_Mbagala
Sie tulikuwa tunatumia filamu za eksirei tatu tumezikunja, au kioo tumekipitisha kwenye moshi wa kibatari

Nesi_wa_Macho
Naomba usinikumbushe. Filamu inakupa giza kidogo, mwanga mkali na ile mionzi ya joto inapita inaenda mpaka nyuma ya jicho. Kule hakuna siku mbili za kupona.

FundiGeti_Tabata
Nimerudi wakuu. Kliniki wamekuta chembe moja jicho la kulia, imetolewa, kapewa mafuta ya kupaka, kaambiwa arudi kesho. Matone ya ganzi nimeyatupa. Nesi Mungu akubariki.

Sasa niambieni nifanye nini kijiweni maana kazi haiwezi kusimama. Nafasi yangu ni ndogo, mbele ni barabara, pembeni kuna mama lishe.

Mkaguzi_Mstaafu
Anza kwa kumtoa dogo mikononi mwa kazi. Fremu inashikwa na klempu, siyo na mtu. Klempu mbili na sumaku moja ya pembe mraba, umepanga, umepigia pointi, yeye anakuwa ameshaondoka. Pale ambapo lazima ashike, naye avae ngao yake, ile ya kushika mkononi haimfai maana mikono inashika chuma, apate ya kichwani. Na chini ya ngao nyote wawili miwani myeupe ya polikaboneti yenye vifuniko vya pembeni, haivuliwi mpaka jioni. Hiyo ndo inayokuokoa pale jirani anapowasha bila taarifa, na ndo hiyohiyo ingezuia chembe ya grainda.

Ukitaka kugusa sema kwa sauti "macho!" halafu subiri pumzi moja ndo uguse. Upande wa mama lishe na barabara tundika turubai zito, liwe refu zaidi ya mtu aliyesimama lakini chini uliache wazi kidogo moshi upate kutoka, usijifungie na moshi. Ukuta wa nyuma kama umepaka rangi ya kung'aa ubadilishe uwe wa kufifia. Umbali nao unasaidia kuliko watu wanavyodhani, ukisogea mara mbili mionzi inabaki robo. Mpita njia akitupia jicho mara moja hapati kitu, ila mama lishe anayekaa hapo kutwa akiwa ameelekea kwako anaweza kuamka usiku kama dogo.

MzeeWaRodi
Turubai, klempu, miwani, ngao mbili. Nani analipa? Geti analipwa laki ngapi mpaka anunue duka zima. Mnaongea kama watu wa mradi.

Otis_Kariobangi
Mzee ako na pointi. Huku helpa akitaka ngao anaambiwa anunue na pesa yake na ni pesa ya kila siku anakula yote. Kwanza anunue aje

FundiGeti_Tabata
Mzee jana nauli ya bodaboda usiku, kliniki, dawa, na dogo hayupo siku tatu. Miwani isingefika hapo. Ila klempu kweli itabidi nizitengeneze mwenyewe.

BodaWaMbezi
Samahani naona mnaongelea yuvii. Mimi niko juani kutwa nzima na bodaboda, nina kinyama kinaota jicho la kushoto upande wa pua kinaelekea kwenye weusi wa jicho. Hii nayo ni ya mashine ya kuchomelea? Maana nyumbani tunapakana na fundi

Nesi_wa_Macho
Yako ni ya jua, vumbi na upepo, siyo ya jirani, usije ukagombana na fundi wa watu. Kinyama hicho kikiwa pembeni hakina haraka, kikianza kuingia kwenye kioo kinafunika kuona na kinakatwa. Lakini nakuomba kionwe, kwa sababu huku kwetu kuna saratani ya juu ya jicho inayoanza kwa kufanana nacho. Utafiti wa Kenya na Uganda umeihusisha na jua pamoja na virusi vya ukimwi, na huku inawapata watu wa umri mdogo kabisa. Kikikua haraka ndani ya miezi michache, kikiwa na utando mweupe juu au mishipa minene inayokilisha, usipange foleni ya mwakani. Ukiendesha vaa miwani iliyoandikwa UV400 inayokumbatia mpaka pembeni, na kioo cha helmeti kishushe.

Kijana_wa_Mbagala
Ila saratani ya ngozi ni ya wazungu bana, sisi weusi tuna kinga asilia. Mimi shingo inabanduka kila nikichomelea na tisheti, inarudi freshi

Mkaguzi_Mstaafu
Weusi unasaidia sana, sitakudanganya. Kwa mtu mweusi saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni nadra. Tunazoziona zaidi zinatokea kwenye kovu la zamani la kuungua ambalo kidonda kimekataa kufunga, au doa jeusi kwenye unyayo, na hilo la unyayo jua halifiki. Kwa hiyo fundi mwenye kovu baya la cheche lililochimbika na kutoa maji kila siku alionyeshe, hilo ndo la kuogopa.

Kubanduka kwa shingo ni kuungua, ngozi inakwambia ile pembetatu ya kola iko wazi. Funga kola, shati zito la pamba la mikono mirefu, siyo nailoni maana cheche ikitua inayeyukia mwilini. Kuhusu moto wenyewe wa kuchomelea, mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka mwanga wake kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na saratani waliyoiona wazi ni melanoma ya ndani ya jicho. Kwenye ngozi ya mchomeleaji ushahidi haujafika hapo. Na waliochunguzwa wengi ni wa Ulaya na maeneo kama hayo, kwa hiyo kwetu ukubwa wake bado ni mjadala.

BintiPangani
Mimi mdogo wangu ana ualbino, anauza mahindi ya kuchoma barabarani kuanzia saa tano mpaka jioni chini ya mwavuli. Juzi katokwa na kigaga sikioni hakiponi. Nilikuwa nafikiri ni moto wa jiko. Weusi wetu haumhusu yeye jamani

Nesi_wa_Macho
Dada huyo ndo wa kukimbizwa kuliko wote kwenye uzi huu. Ana miaka mingapi na kigaga kina muda gani?

BintiPangani
24. Tangu mwezi wa Ramadhani.

Nesi_wa_Macho
Miaka hiyo kwa mwenye ualbino siyo midogo kabisa kwa saratani, sikio, mdomo wa chini na shingo ndo zinaanza. Kidonda chochote kilichopita mwezi mmoja bila kufunga kinaangaliwa na daktari wa ngozi. Kikiwa bado ni kigaga cha mwanzo kinagandishwa kwa naitrojeni siku hiyohiyo anarudi nyumbani. Kikishazama ni kukata, na kikichelewa zaidi ni safari ya Ocean Road. Akienda aulize pia losheni ya jua inayotengenezwa Moshi pale KCMC, Kilisun, inagawiwa bure kwa wenye ualbino kupitia kliniki.

Na mwavuli peke yake hautoshi. Chini ya mwavuli anakingwa na jua la juu, lakini mionzi mingi inatoka kwenye anga lote la pembeni na mingine inarudi kutoka chini. Hata siku ya mawingu mepesi sehemu kubwa inapita, ndo maana unakuta mtu kaungua siku ya baridi. Kofia iwe ya ukingo mpana kuzunguka kichwa kizima, kapelo inaacha masikio nje. Mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kikakaza, siyo kile ukikiinua unaona mwanga. Losheni apake ya kutosha usoni, masikioni na shingoni, arudie kila masaa mawili akitoka jasho.

Mkaguzi_Mstaafu
Na kama anaweza kugeuza saa za biashara. Simama juani uangalie kivuli chako, kikiwa kifupi kuliko wewe mionzi iko kali. Kwetu hapa karibu na ikweta hiyo ni kuanzia kwenye saa tatu na nusu nne asubuhi mpaka kwenye saa tisa tisa na nusu, mwaka mzima. Mahindi yanalika jioni zaidi hata hivyo.

Mwaka 2023 WHO na shirika la kazi duniani walitoa makadirio kwamba karibu kifo kimoja kati ya vitatu vya saratani za ngozi zisizo melanoma kinatokana na kufanya kazi juani. Hapo wamo wajenzi na wakulima wa dunia nzima, wengi ngozi nyeupe. Kwa huku kwetu mzigo huo wameubeba watu kama mdogo wako.

MzeeWaRodi
Binti mpeleke huyo kijana. Biashara ya mahindi nitamtafutia kivuli hapa kwangu kama mko Temeke, kuna banda.

BintiPangani
Tuko Tanga mzee wangu, asante sana. Kesho tunaenda Bombo.

FundiGeti_Tabata
Dogo leo kafungua macho, anasema mwanga bado unamkera ila anaona vizuri. Nimepita Gerezani nimepata miwani myeupe, muuzaji anasema ni polikaboneti lakini haijaandikwa kitu chochote. Naijuaje?

Mkaguzi_Mstaafu
Kwa macho huwezi kujua mkuu. Tafuta iliyochapwa EN 166 au Z87 kwenye fremu au pembeni ya kioo. Zipo, uliza maduka yanayouza viatu vya usalama na helmeti za ujenzi.

MzeeWaRodi
Na akichapa mwenyewe hizo herufi hapo dukani?

Otis_Kariobangi
😂😂 mzee wacha